Folda za Chuo: Kila Kitu na Umri Wake

Barua ya udahili huandika mwaka wa masomo kwa mkwaju: 2025/2026. Ndivyo unavyoandikwa pia kwenye ratiba na kwenye stakabadhi ya ada. Mwanafunzi mpya anayewasha kompyuta yenye Windows na kutaka kuipa folda yake ya kwanza jina hilohilo atakataliwa papo hapo, kwa sababu mkwaju ni miongoni mwa alama tisa ambazo Windows haizikubali ndani ya jina la faili wala la folda. Nukta pacha na alama ya kuuliza nazo zimo katika orodha hiyo. Basi wapo wanaoandika tu "Chuo", wakaishia hapo, na miaka mitatu ya masomo ikamiminika humo.

Kuweka kistari badala ya mkwaju, 2025-2026, kunamaliza tatizo la jina. Yanabaki maswali magumu zaidi. Kozi ikae ndani ya mwaka, au mwaka ndani ya kozi? Na makala iliyosomwa mwaka wa kwanza, ikarudi tena semina ya mwaka wa pili, kisha ikawa mhimili wa utafiti wa mwisho, makazi yake ni wapi?

Si maswali ambayo kila kijana hufika nayo chuoni. Mwaka 2021 jarida la mtandaoni la The Verge lilisimulia kisa cha Catherine Garland, mtaalamu wa fizikia ya anga nchini Marekani. Miaka minne kabla ya hapo alikuwa akifundisha somo la uhandisi, na wanafunzi wake, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanakwama kwa sababu programu waliyotumia haikuziona faili zao. Alipowauliza wamezihifadhi wapi, wengi hawakuelewa anachouliza. Walikuwa wamekulia katika vifaa ambavyo faili "ipo" tu: unaitafuta kwa jina, inakuja.

Huku kwetu, mwanafunzi ambaye kompyuta yake ya kwanza ilikuwa simu ataielewa hali hiyo bila kuelezwa. Kiongozi wa darasa anatuma handauti kwenye kundi la WhatsApp, mwanafunzi anaigusa, inafunguka, anasoma. Iko wapi? Katika simu nyingi za Android iko ndani kabisa, chini ya `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media`, na mara nyingi imebadilishwa jina na kuitwa kitu kama `DOC-20251104-WA0007.pdf`. Tarakimu zile nane ni tarehe, yaani 4 Novemba 2025. Kuhusu kozi, mhadhiri au mada, jina halisemi lolote. Simu ikijaa, mwenyewe akafuta mafaili ya WhatsApp ili apate nafasi, handauti za muhula mzima huondoka na vichekesho vya siku ile.

Kabla ya kuchora folda hata moja, inafaa kuangalia vitu vyenyewe na umri wa kila kimoja. Slaidi na handauti huishi muhula mmoja, na zikipotea huombwa upya kwa mwenzako. Kazi ambayo mwanafunzi ameiandika mwenyewe haipatikani kwa mtu mwingine yeyote, na inaweza kuhitajika miezi kadhaa baada ya kusahihishwa, pale alama za kozi zinapokosekana kwenye mfumo wa matokeo. Vyanzo vya utafiti, yaani makala, sura za vitabu na ripoti, havina muhula kabisa: huvuka kozi, huvuka mwaka, na anayeendelea na shahada ya uzamili huvuka navyo pia. Folda nyingi za wanafunzi huvurugika kwa sababu vitu hivi vyenye umri tofauti vimelazwa kitanda kimoja.

Tuseme yupo mwanafunzi wa historia jijini Dar es Salaam, atakayemaliza shahada yake kwa utafiti kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Misimbo ya kozi zake hapa ni ya mfano tu. Folda yake inaweza kuwa hivi:

```
Chuo/
  00_Nyaraka/
  2025-2026_S1/
    HI101_Afrika-ya-Kale/
      Mihadhara/
      Kazi/
      Mitihani/
  2025-2026_S2/
  Utafiti/
  Vyanzo/
```

Mwaka na semesta vimeunganishwa katika jina moja ili kupunguza ngazi moja ya kushuka. Shahada ya miaka mitatu yenye semesta mbili kwa mwaka huwa na folda sita tu za namna hiyo, na kwa kuwa kila jina linaanza na mwaka, kompyuta huzipanga kwa mfuatano wa wakati bila kusaidiwa. Semesta iko juu ya kozi kwa sababu hivyo ndivyo masomo yanavyokuja na yanavyokwisha: kozi tano au sita huanza pamoja na kufungwa pamoja. Siku mitihani inapoisha, folda nzima ya semesta inafungwa kwa mkupuo, na mwanafunzi habaki na orodha ndefu ya kozi zinazoendelea zilizochanganyika na zilizokwisha.

Itokee kozi moja imemwangusha na anairudia mwaka unaofuata. Kishawishi ni kurudi kwenye folda ya zamani na kuongezea humo. Afadhali afungue mpya ndani ya semesta mpya, kwani mhadhiri anaweza kuwa mwingine, slaidi zikawa nyingine na majaribio mengine, na alama za jaribio la mwaka jana zikichanganyika na za mwaka huu hakuna atakayejua ipi ni ipi. Ya zamani inabaki ilivyo, ya kusomea.

Folda ya `00_Nyaraka` ni ya barua ya udahili, fomu za usajili, risiti za ada na matokeo. Sifuri mbili zimewekwa ili ikae juu ya orodha. Haihitaji maelezo zaidi.

Ndani ya kozi, folda tatu zinatosha. Muhtasari wa kozi, ule unaogawiwa wiki ya kwanza ukiwa na mada, tarehe za majaribio na orodha ya vitabu, usizikwe ndani ya Mihadhara; ukae nje, palepale kozi inapofunguka, kwa kuwa ndio unaofunguliwa mara nyingi kuliko faili nyingine yoyote. Anayetaka kuongeza folda ya kila wiki ajiulize itakuwa na faili ngapi. Folda yenye faili moja ni mlango usio na chumba, na semesta ya wiki kumi na tano ingezaa milango kumi na mitano kwa kila kozi. Wiki iandikwe kwenye jina la faili.

Jina lenyewe lijitegemee, maana faili husafiri. Slaidi ikiitwa `Lecture 3.pdf` inaeleweka ikiwa ndani ya folda ya kozi, lakini ikitumwa kwa mwenzako au ikibebwa kwenye fleshi kwenda kuchapishwa steshenari, imekuwa yatima: kila kozi ina mhadhara wake wa tatu. Ukiipakua mara ya pili, kompyuta itaandika `Lecture 3 (1).pdf`, na sasa ziko mbili zisizojulikana tofauti yake. Jina la namna hii linabeba kila kinachohitajika:

```
HI101_M03_2025-11-04_Dola-za-Kale.pdf
```

Msimbo wa kozi, mhadhara wa tatu, tarehe, mada. Tarehe imeanza na mwaka, ikafuata mwezi, kisha siku, kama kinavyoelekeza kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Sababu yake ni ya kiutendaji kabisa. Kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto, hivyo tarehe iliyoandikwa 04-11-2025 ingewekwa jirani na 04-12-2025 na mbali na 05-11-2025, siku inayoifuata. Sifuri iliyo mbele ya 3 nayo ina kazi. Dirisha la mafaili la Windows linajua kwamba 10 inakuja baada ya 2, lakini si kila programu au simu inajua hivyo. Zile zinazosoma herufi moja moja zitapanga 1, 10, 11, halafu ndipo 2.

Majina yasirefushwe kupita kiasi, hata hivyo. Kwa desturi Windows huhesabu njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski, folda zote, mpaka jina la faili, na kikomo chake ni herufi 260. Windows 10 iliruhusu kikomo hicho kivukwe tangu 2016, lakini mpaka mpangilio huo uwashwe, na programu nyingi bado hazijui kuutumia. Anayeandika kichwa kizima cha kozi kwenye folda, kisha kichwa kizima cha makala kwenye faili, atagundua siku ananakili kwenda kwenye diski ya nje: faili baadhi zinagoma, na nakala yake ina mapengo.

Kwenye folda ya Kazi ndiko yanakozaliwa yale majina maarufu: "final", "final mpya", "final ya mwisho kabisa". Dawa ni kuacha kutabiri mwisho. Rasimu zihesabiwe v1, v2, v3, na neno la kumalizia litolewe na tukio lililokwisha kutokea:

```
HI202_Insha1_v1.docx
HI202_Insha1_v2.docx
HI202_Insha1_IMEWASILISHWA.pdf
```

Faili ya tatu iwe ileile iliyopakiwa kwenye mfumo wa chuo, bila kuguswa tena hata kwa koma moja. Vyuo vingi hutumia Moodle, ambayo baada ya kupokea kazi huonyesha kwamba imewasilishwa na lini. Picha ya ukurasa huo ikae pembeni ya faili hiyo. Kwa kazi inayokabidhiwa kwenye karatasi, picha ya daftari la kusaini mapokezi hufanya kazi ileile. Insha iliyorudishwa ikiwa na alama nayo ipigwe picha kabla haijapotelea bwenini. Mwanafunzi anayekwenda ofisini kudai alama za jaribio zilizokosekana akiwa na vitu hivyo vitatu huwa na mazungumzo mafupi.

Sasa vyanzo, na hapa ndipo mipango mingi mizuri inapovunjikia.

Mwanafunzi wetu anapakua makala ya John Iliffe kuhusu jinsi Maji Maji ilivyoandaliwa, iliyochapishwa mwaka 1967 katika The Journal of African History. Inaposhuka inaweza kuwa na jina la tarakimu tupu, kama mafaili ya hifadhi za majarida yalivyo mara nyingi. Anaisoma kwa ajili ya insha ya HI202, anaiweka kwenye folda ya kozi hiyo. Mwaka unaofuata kozi ya dini na siasa inaitaja tena. Hakumbuki kuwa anayo, anaipakua upya. Mwaka wa tatu anaihitaji kwa utafiti, na safari hii anaziona zote mbili: moja ina mistari ya njano na maoni ya pembeni, nyingine ni tupu, na maoni mapya ameanza kuyaandika kwenye ile tupu. Usomaji wake umegawanyika katika faili mbili ambazo hazitaungana zenyewe.

Ndiyo maana Vyanzo iko nje ya semesta zote, na kila chanzo kinakaa humo mara moja tu. Jina lifuate mpangilio wa marejeleo, yaani jina la ukoo la mwandishi, mwaka, na neno au mawili ya kukumbushia:

```
Iliffe_1967_Maji-Maji.pdf
Iliffe_1967_Maji-Maji_dondoo.txt
Iliffe_1979_Tanganyika.pdf
Sunseri_1997_Njaa-Uzaramo.pdf
```

Kishawishi kinachofuata ni kuigawa Vyanzo kwa mada. Kinaonekana cha busara mpaka pale makala yenyewe inapoulizwa. Iliffe anazungumzia manung'uniko ya wakulima chini ya Wajerumani, imani iliyowaunganisha watu wa sehemu mbalimbali, na nafasi ya makabila vita ilipoenea. Iingie Ukoloni, Dini au Makabila? Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997, anaitazama Uzaramo kwa jicho la njaa, nguruwe mwitu na mivutano ya wanawake na wanaume. Hiyo nayo ina madai halali ya kuingia folda tatu. Folda hutoa makazi mamoja, na makala nzuri karibu zote zina mada zaidi ya moja. Kwa vyanzo mia moja au mia mbili, orodha moja ndefu iliyopangwa kwa majina ya waandishi hutafutika upesi kuliko mti wa mada ambao mwenyewe atakuwa amesahau aliuchora akifikiria nini.

Uhusiano wa chanzo na kozi uandikwe badala ya kunakiliwa. Ndani ya folda ya HI202 kaa na faili ndogo ya maandishi, `Vyanzo_HI202.txt`, yenye majina ya mafaili yaliyotumika katika kozi hiyo. Hufunguka hata kwenye simu ya bei nafuu. Anayetaka kitu chenye nguvu zaidi atumie Zotero, programu ya bure iliyotoka mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ndani yake makala moja inaweza kuonekana katika makundi matano bila kuzaa nakala ya pili, na orodha ya marejeleo hujiandika. Ina tahadhari moja ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa: folda yake ya data, iliyo na faili iitwayo `zotero.sqlite`, isiwekwe ndani ya OneDrive, Google Drive wala Dropbox. Ulandanishaji ukiigusa faili hiyo wakati programu inaiandika, hazina nzima inaweza kuharibika.

Ile faili ya dondoo iliyolala chini ya makala ya Iliffe ina sharti moja: kila dondoo na ukurasa wake, na maneno ya mwandishi yafungwe kwa alama za kunukuu wakati uleule wa kuyanakili. Baada ya miezi minane hakuna mtu anayetofautisha sentensi aliyoitunga na sentensi aliyoichukua, na programu za kukagua wizi wa maandishi hazipokei utetezi huo.

Bado kuna vitabu visivyo na nakala ya kidijitali, ambavyo mwanafunzi huvipiga picha kwa simu maktabani. Picha ya kwanza iwe ya ukurasa wa jina la kitabu, ya pili ukurasa wa nyuma yake wenye mchapishaji na mwaka, ndipo zifuate kurasa za sura. Sura isiyo na picha hizo mbili haiwezi kutajwa kwenye marejeleo, na kitabu kinaweza kuwa kimeazimwa utakapokirudia. Picha zikiunganishwa kuwa PDF moja, jaribu kuburuta kidole juu ya neno moja ili ulichague. Likikataa kuchagulika, kompyuta haioni maandishi bali picha ya karatasi, na kulitafuta neno "Ngarambe" ndani yake hakutaleta kitu hata kama limeandikwa mara ishirini. Faili ya namna hiyo hupatikana kwa jina lake peke yake, kwa hiyo jina hilo libebe zaidi kidogo.

Utafiti nao una folda yake kwa sababu huanza kabla ya semesta yake na huisha baada yake. Mada ya Maji Maji ina mfano wa nyumbani: mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam walishiriki kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo, yakahifadhiwa kwa maandishi. Mwanafunzi wa leo atarekodi kwa simu, na faili la sauti litajiita kwa namba. Siku hiyohiyo alipe jina kama `2027-08-14_Kilwa_Mh03.m4a`. Mh03 ni msimuliaji wa tatu. Jina lake halisi linakaa kwenye orodha tofauti iliyofungwa kwa nywila, kwa sababu majina ya mafaili huonekana na kila anayeshika fleshi. Rekodi asilia ziwe kwenye folda yao isiyohaririwa. Kukata, kusafisha na kunukuu kufanyike kwenye nakala.

Wanaotegemea hifadhi ya mtandaoni wana jambo moja la kuangalia kabla ya usiku wa mtihani. OneDrive huonyesha mafaili yote kwenye dirisha kana kwamba yapo, lakini lile lenye alama ya wingu liko kwenye seva tu. Bando likiisha, jina litaonekana na faili haitafunguka. Folda ya semesta inayoendelea ibofywe upande wa kulia na kuchaguliwa `Always keep on this device`. Tena, kilichofutwa kwenye kompyuta hufutika na kule juu pia. Katika akaunti ya kawaida ya Google Drive kitakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha kinatoweka. Diski ya nje au fleshi inayochomekwa kila mwisho wa mwezi ndiyo nakala ya kweli.

Kazi za kikundi zina mtego wao. Hati iliyoandikwa kwa pamoja kwenye Google Docs ni mali ya akaunti iliyoifungua, hata kama wengine wanne ndio walioiandika zaidi. Mwenye akaunti akiifuta, au akiwa alitumia anwani ya chuo na chuo kikaifunga baada ya mahafali, kiungo walicho nacho wenzake hufungua ukurasa wa kukataliwa. Siku kazi inapowasilishwa, kila mwanakikundi aipakue kama `.docx` na kuiweka kwenye folda yake ya Kazi. Kwa anayetumia anwani ya chuo kwa kila kitu, kuhama kuanze semesta ya mwisho, wakati bado anaweza kuingia: Vyanzo na Utafiti kwanza, kisha folda zote za Kazi, na slaidi za wahadhiri mwishoni kama nafasi itabaki.